Ngozi Moja Kutoka Eyasi

Mwaka 1896, Mjerumani aliyeitwa von Tippelskirch, mmoja wa wanamsafara wa utafiti katika nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliondoka karibu na Ziwa Eyasi na ngozi ya twiga jike. Ngozi hiyo ilifika Berlin, mikononi mwa Paul Matschie, mtaalamu wa wanyama katika jumba la makumbusho la huko. Mwaka 1898 Matschie alitangaza kwamba ngozi ile ni ya spishi ambayo sayansi ilikuwa haijaiandika, akaipa jina Giraffa tippelskirchi. Wahadzabe na Wadatooga wa kandokando ya ziwa walikuwa wameishi na mnyama huyo vizazi na vizazi bila kuhitaji jina la Mjerumani, lakini vitabu vya Ulaya vilikuwa na kanuni zake.

Huyo ndiye twiga tunayemwita leo twiga wa Kimasai, yule wa Serengeti, Tarangire, Mikumi na mbuga ya Nairobi. Tangu 1898 amepandishwa na kushushwa cheo. Alianza kama spishi kamili. Mwaka 1904 akashushwa kuwa nususpishi, yaani tawi la kijiografia ndani ya spishi moja kubwa ya twiga wote. Akakaa hapo zaidi ya karne moja. Mnamo Agosti 2025, IUCN, umoja wa kimataifa unaotunza orodha ya wanyama walio hatarini, ulitangaza kuwakubali twiga kuwa spishi nne, na Giraffa tippelskirchi akarudi kwenye kiti alichokalishwa na Matschie.

Mnyama mwenyewe hakubadilika kwa lolote katika miaka hiyo yote. Mabaka yake ni yale yale, na ukiweka ngozi ya 1896 kando ya picha iliyopigwa Tarangire wiki iliyopita utaona mfanano. Ndiyo maana historia hii ya jina lake inafaa kufuatwa. Inaonyesha kwamba swali la spishi au nususpishi halikuwahi kuwa swali ambalo mwonekano wa mnyama mmoja ungeweza kulijibu, iwe ni ngozi yake, mchoro wake au picha yake ya kamera.

Matschie alikuwa mtu wa kugawa. Akiona tofauti kati ya ngozi mbili kutoka mabonde mawili tofauti, alikuwa mwepesi wa kutoa majina mawili. Si haki kumcheka, kwa kuwa alifanya kazi na kile kilichoingia kwa meli. Lakini tazama udhaifu wa njia hiyo. Ngozi moja inakuambia jinsi jike mmoja wa Eyasi alivyokuwa. Haikuambii jike wa pili alikuwaje, wala dume wake, wala twiga wa umbali wa kilomita mia mbili kusini, wala kama kati ya Eyasi na huko kusini mabaka yanabadilika polepole au yanakatika ghafla kwenye mto fulani.

London nao walikuwa na ngozi zao. Mwaka 1899 William Edward de Winton alimwandika twiga wa kaskazini mwa Kenya kutokana na mnyama wa milima ya Loroghi, ile iliyo upande wa Samburu. Huyu ni twiga ambaye hata mtoto humtambua: mabaka makubwa ya rangi ya maini, yenye pande zilizonyooka, yaliyotengwa na mistari myembamba myeupe kana kwamba mtu amemtupia wavu mwilini. Nitamwita twiga wa Kisomali, maana eneo lake linafika Somalia na Ethiopia. De Winton alimpa cheo cha nususpishi. Mwaka 1903 Richard Lydekker akamtangaza mwingine, kutoka uwanda wa Uasin Gishu, karibu na Eldoret ya leo. Mnyama huyo alipigwa risasi na Meja Powell-Cotton, na jina likamwendea Rothschild, tajiri aliyekuwa na makumbusho yake mwenyewe nje ya London.

Kuhusu huyu wa Rothschild, wawindaji wa wakati ule walivutiwa na idadi ya vipembe. Walisema ana vitano: viwili utosini, kimoja kikubwa katikati ya paji la uso, na viwili vidogo nyuma ya masikio. Ilionekana kuwa alama safi kabisa ya kumtenga na wengine. Tatizo ni kwamba dume wa twiga huendelea kuota mfupa juu ya fuvu maisha yake yote. Kadiri anavyozeeka ndivyo vinundu vinavyoongezeka na kukua, na dume mzee wa aina nyingine naye anaweza kuonekana ana vipembe vitatu, hata vitano. Wawindaji walipenda kuua madume wakubwa, na hao ndio waliofika kwenye meza za makumbusho. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichohesabiwa kuwa alama ya aina ilikuwa ni alama ya umri tu.

Mwaka 1904 Lydekker alikaa akapanga kila kitu upya katika makala yake kwa Jumuiya ya Zuolojia ya London. Akamrudisha twiga wa Matschie ndani ya spishi kubwa ya Linnaeus, Giraffa camelopardalis, pamoja na yule wa Rothschild na wengineo. Lakini yule wa Kisomali akampandisha kuwa spishi peke yake, kwa sababu wavu wake ulikuwa wa kipekee mno. Mwaka 1911 akaongeza tawi la bonde la Luangwa, Zambia, akalipa jina la Thornicroft, mtawala wa wilaya. Baada ya hapo waandishi wengine wakapanga na kupangua, na mwishowe hata twiga wa Kisomali akashushwa. Kufikia miaka ya 1970 hesabu iliyozoeleka zaidi ilikuwa spishi moja yenye nususpishi tisa. Kwa kuwa wengi wetu tulisoma shuleni au kwenye vibao vya mbugani kwamba twiga ni mmoja, tukadhani jambo hilo lilithibitishwa na mtu. Ukweli ni kwamba lilikuwa ni makubaliano ya kimyakimya.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya maana ya vyeo hivi viwili, kwa sababu ndipo picha inapoanza kushindwa.

Nususpishi ni dai kuhusu kundi la mahali fulani. Ukisema twiga wa Luangwa ni nususpishi, unasema kwamba ukichukua wengi wa Luangwa na wengi wa kwingineko, sehemu kubwa ya hao wa Luangwa utaweza kuwatofautisha. Wataalamu walizoea kutumia asilimia 75 kama kipimo: angalau robo tatu ya kundi moja iweze kutengwa na kundi jingine. Maana yake, hata nususpishi iliyokubalika kabisa inaruhusiwa kuwa na mnyama mmoja kati ya wanne anayefanana na jirani. Sasa mtu anakuletea picha ya mnyama mmoja. Huyo ni nani kati ya hao wanne?

Spishi kamili ni dai zito zaidi, na katika fikra iliyotawala karne ya ishirini lilihusu uzazi: makundi mawili ni spishi mbili ikiwa yakikutana porini hayachanganyiki, au huchanganyika kwa uchache usiofuta mpaka kati yao. Baadaye wengine waliongeza kigezo cha ukoo, kwamba makundi hayo yawe yameshika njia mbili za urithi kwa muda mrefu. Mambo yote mawili, kutozaana na kuachana kwa miaka laki kadhaa, hayana rangi. Kamera hushika mwanga unaotoka kwenye ngozi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haiwezi kushika ndoa ambayo haikutokea.

Tena kwa twiga jambo lina utata wa ziada. Katika bustani za wanyama za Ulaya na Amerika, twiga wa Rothschild na wa Kisomali walifungwa pamoja, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Mtu angeweza kusema basi, kesi imekwisha, ni spishi moja. Lakini ndani ya ua hakuna mahali pa kwenda wala mwenza wa kuchagua. Porini nchini Kenya, ambako makundi hayo hayana bahari wala mlima usiopitika kati yao, na twiga hutembea kilomita nyingi, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta wanaochanganyika ni wachache sana. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni mvua. Masika ya kaskazini hayaji sawa na ya kusini, na ikiwa kila kundi linalenga kuzaa wakati majani yanapochipua kwao, basi majira ya kupandana nayo hupishana. Tofauti ya kalenda inafanya kazi ya ukuta, na ukuta huo hauonekani kwenye ngozi.

Picha ina sifa yake, na si ndogo. Katika miaka ya 1960, mtafiti J. Bristol Foster alizunguka mbuga ya Nairobi akipiga picha shingo za twiga, upande uleule mmoja kwa kila mnyama. Aligundua kwamba hakuna twiga wawili wenye mpangilio sawa wa mabaka, na kwamba umbo la baka halibadiliki mnyama akikua. Kwa hiyo aliweza kusema kwa uhakika kwamba jike huyu wa leo ndiye yule wa mwaka jana, na ndiye aliyekuwa na ndama kule upande wa pili wa mbuga. Njia hiyo inatumika mpaka leo, ila sasa kompyuta ndiyo inayolinganisha. Huko Tarangire watafiti wamewafuatilia maelfu ya twiga kwa ubavu wao tu, na mwaka 2018 walionyesha kwamba baadhi ya sifa za baka, kama vile kuwa la mviringo na kuwa na kingo laini au zilizochongoka, ndama huzirithi kwa mama.

Kwa hiyo picha moja nzuri ya ubavu inaweza kukupa jibu gumu kuliko yote, yaani huyu ni twiga yupi hasa kati ya twiga wote wa dunia, halafu ikashindwa jibu linaloonekana jepesi zaidi, kwamba ni wa kundi gani. Haya yanapatana ukifikiri kidogo. Mabaka yanabeba tofauti nyingi sana kati ya mnyama na mnyama ndani ya kundi moja. Wingi huo wa tofauti ndio unaomtambulisha mmoja mmoja, na ndio unaotia ukungu kwenye mpaka kati ya kundi na kundi. Nenda Serengeti ukatazame kundi lililopumzika chini ya migunga. Yupo mwenye mabaka yaliyopasukapasuka kama jani la mzabibu, yupo mwenye mabaka ya nyota, na pembeni yupo jike ambaye mabaka yake ni makubwa na yamenyooka kingo kiasi kwamba ukimpiga picha peke yake na kuficha jina la mahali, mtu wa Samburu atamdai.

Tuchukue kisa kimoja na tukipime. Tuseme picha imepigwa Tsavo Mashariki, kaskazini ya mto Galana. Twiga mmoja amesimama ubavu, jua la saa kumi na moja jioni, nyasi zimefika magotini. Mabaka ni mapana, ya kahawia iliyoiva, na mistari kati yake ni myembamba. Mwenye picha anauliza: huyu ni wa Kimasai au wa Kisomali?

Kwanza tunasema kile kinachojulikana. Ncha za vipembe zina nywele nyeusi na vipembe ni vyembamba, basi ni jike au kijana. Dume mkubwa nywele za ncha humwisha kwa kupigana na wenzake kwa kichwa. Ubavu wa kushoto unaonekana vizuri, basi anaweza kutambuliwa akipigwa picha tena upande huo. Baada ya hapo mashaka yanaanza. Rangi ya mistari ndiyo ingetusaidia, kwa kuwa ya Kisomali ni nyeupe zaidi na ya Kimasai ina uchafu wa njano, lakini jua la jioni linageuza kila cheupe kuwa dhahabu, na vumbi jekundu la Tsavo ni maarufu kwa kupaka rangi hata tembo. Miguu ya chini ingetuambia kama mabaka yanashuka hadi kwatoni, lakini imo nyasini. Kingo za mabaka zimenyooka upande wa shingo, ila pajani zimechongoka. Ukikata picha ibaki shingo, utasema Kisomali. Ukikata ibaki paja, utasema Kimasai.

Na mahali penyewe hapatoi msaada tunaoutaka. Kwa kawaida tunapotaja aina ya twiga kwa kujiamini, mabaka hufanya nusu ya kazi na ramani hufanya nusu nyingine. Tukiambiwa ni Manyara, hatutazami hata. Lakini nyika kati ya Galana na Tana ndiko maeneo ya aina hizi mbili yanakokaribiana, wa Kisomali upande wa Tana na kaskazini yake, wa Kimasai upande wa Tsavo. Mtafiti Raphael Coimbra na wenzake walipochunguza vinasaba vya twiga wa Kenya, katika kazi iliyochapishwa 2023, walikuta michanganyiko ipo lakini ni michache. Chotara wa kizazi cha kwanza anaweza kuonekana wa kati. Mjukuu wake aliyezaliwa na twiga wa Kimasai anaweza kuonekana wa Kimasai kabisa huku akibeba urithi wa kaskazini. Jibu la kweli kwa mwenye picha yetu ni: twiga jike au kijana, huenda ni wa Kimasai, na nisingeweka pesa yangu hapo.

Jibu kama hilo huwaudhi watu. Nimewahi kumwona mwongoza watalii mwenye uzoefu akilitoa, na mgeni wake akaandika chini jina moja tu bila lile neno huenda.

Ramani nayo ina mitego yake ya kibinadamu. Twiga wa Kimasai wanaoonekana Akagera, Rwanda, wametokana na wachache waliopelekwa kutoka Kenya mwaka 1986. Twiga wa Rothschild wa Ziwa Nakuru walihamishiwa pale miaka ya 1970 kutoka mashamba ya upande wa Eldoret, makazi yao ya asili yalipokuwa yakigeuzwa mashamba ya mahindi na ngano. Tena ufugaji wa Langata, Nairobi, uliwaweka twiga hao hao kilomita chache tu kutoka kwa wa Kimasai wa mbuga ya Nairobi. Picha isiyoeleza historia ya mahali inaweza kukusimulia habari za lori la mwaka 1977 ukidhani ni za mageuzi ya miaka laki mbili.

Umri nao ni mtego. Huko Luangwa, twiga wa Thornicroft walifuatiliwa mmoja mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini, na ikaonekana kwamba mabaka ya dume hubadilika kutoka kahawia hadi karibu nyeusi kama mkaa, kwa wastani akiwa anaelekea miaka tisa au kumi. Utafiti uliofanywa Etosha, Namibia, ukaongeza kwamba si kila dume mzee hufikia weusi huo, na kwamba walio weusi hupenda kutembea peke yao wakitafuta majike. Kwa hiyo rangi ya baka ni habari ya umri na hadhi kabla ya kuwa habari ya ukoo. Lydekker na wenzake, wakiwa na dume mmoja mweusi kutoka huku na jike mmoja wa kahawia kutoka kule, hawakuwa na njia ya kujua.

Shida hii ya kusoma ukoo kwenye mabaka ni ya kale kuliko kamera. Mwaka 1415 twiga alipelekwa kutoka Malindi hadi kwa mfalme Yongle wa China, baada ya mwingine kufika 1414 kutoka kwa mtawala wa Bengali. Mchoro wa twiga wa 1414, unaohusishwa na Shen Du, upo hata leo kwa nakala zake, na umechora mabaka yenye pande zilizonyooka yakiwa yamebanana, mistari kati yake ni myembamba. Ukiutazama haraka utasema ni wa Kisomali. Lakini mchoraji alikuwa akichora qilini, mnyama wa heri wa Kichina ambaye desturi iliagiza mwili wake uwe na magamba, na mkono wa mchoraji ungeweza kabisa kunyoosha baka liwe gamba. Na hata kama twiga huyo naye alitoka Malindi kama yule wa 1415, Malindi yenyewe iko penye mlango wa Galana, yaani nyuma yake kuna ile ile nyika ya mpakani. Sitathubutu kumpa twiga yule jina la aina.

Kilichobadilisha mjadala ni vipande vya ngozi vidogo kama ncha ya kidole. Mtafiti hupiga mshale wenye ncha tupu kutoka kwenye gari, mshale hung'oa kipande cha ngozi na kuanguka chini, twiga hukimbia hatua chache na kuendelea kula. Kipande hutiwa kwenye spiriti na kupelekwa maabara. Mwaka 2016 Julian Fennessy na wenzake walichapisha matokeo ya sampuli za twiga 190 kutoka karibu kila pembe ya Afrika, wakasema kuna spishi nne: wa kaskazini, wa Kisomali, wa Kimasai na wa kusini.

Hawakukubaliwa siku hiyo hiyo, na sidhani walistahili kukubaliwa siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata wataalamu wengine waliandika kwamba sehemu za vinasaba zilizosomwa ni chache, na kwamba ukichagua kipimo kingine utapata hesabu nyingine. Kweli, wapo waliopata tatu. Kabla yao, mwaka 2011, Colin Groves na Peter Grubb walikwisha kutaja nane. Hata tarehe ya kutengana iliyumba. Kazi ya 2016 iliiweka kwenye miaka milioni moja na zaidi iliyopita. Mwaka 2021 kundi la Coimbra liliposoma vinasaba vyote, mwanzo hadi mwisho, vya twiga 50, tarehe ikashuka hadi kati ya miaka 230,000 na 370,000. Nne ikabaki nne, na ndani yake nususpishi saba. Mwaka 2024 vipimo vya mafuvu mia kadhaa vikaonyesha kwamba spishi hizo nne zinatofautiana pia kwa umbo la kichwa, hasa madume. Ni baada ya ushahidi huo wa pande mbili, vinasaba na mifupa, ndipo IUCN ilipokubali.

Uamuzi huo unagusa hesabu za uhifadhi moja kwa moja. Mwaka 2016, walipohesabiwa kama spishi moja, twiga wote wa Afrika walikuwa wanakaribia 97,500, na hatari yao ikapimwa kwa pamoja. Sasa twiga wa kaskazini, ambao wamebaki kama elfu saba tu, hawawezi tena kufichwa nyuma ya wale wengi wa kusini.

Na yule wa Rothschild, wa vipembe vitano? Vinasaba vilimkuta hana tofauti ya maana na twiga wa Nubia, yule wa Sudan Kusini na Ethiopia ya magharibi, na sasa wanahesabiwa nususpishi moja ndani ya spishi ya kaskazini. Kwa jicho, watu walikuwa na hakika naye kwa miaka mia moja na kumi. Mashirika ya utalii bado yanamuuza kwa jina la zamani, na sioni ubaya, mradi tu mtu asidhani jina hilo limepimwa likapita.

Upande mwingine wa kosa hilo uko hapa hapa Tanzania, na unaturudisha jirani na Eyasi. Bonde la Ufa la Gregory linapita katikati ya nchi ya twiga wa Kimasai. Magharibi, juu ya ukingo, wako wa Serengeti na Ngorongoro. Mashariki, chini, wako wa Manyara, Tarangire na kuendelea. Mwanabiolojia wa Tanzania, Dakta George Lohay, na wenzake walisoma vinasaba vya twiga wa pande zote mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2023. Kwa upande wa urithi unaopita kwa mama peke yake, hakukuwa na dalili ya jike kuvuka bonde hilo na kuacha kizazi upande wa pili kwa muda unaozidi miaka 250,000. Madume walivuka kwa muda mrefu zaidi, lakini nao urithi wao unaonyesha kwamba uvukaji ulikoma zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kuta za ukingo ni mwinuko mkali, na palipo na mteremko wa afadhali, kama upande wa Mto wa Mbu na Karatu, leo pana barabara, nyumba na mashamba.

Muda huo unalingana na ule unaozitenganisha spishi nne zenyewe katika hesabu ya 2021, ingawa hauwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa kuwa urithi wa mama ni uzi mmoja tu katika nguo nzima. Lohay na wenzake hawakutangaza spishi mpya wala nususpishi mpya. Walichosema ni kwamba pande hizo mbili zinahitaji kuhifadhiwa kila moja kwa hesabu yake, maana mashariki ikipungukiwa haitajazwa na magharibi. Na mabaka? Chukua picha ya twiga wa Serengeti na ya twiga wa Tarangire, futa majina ya mahali, uzichanganye. Mwenye kuzitambua hayupo. Ngozi ya Eyasi, iliyotoka jirani na bonde hilo, ilikuwa na habari hiyo yote ndani ya nyuzi zake, lakini Matschie alikuwa na macho tu.